Kifusi cha msingi: kwa nini tripu 7 hazikutosha

Shemeji alipofikia kujaza msingi Kibaha, nilimpigia hesabu mwenyewe. Ndani ya kuta ni mita 10 kwa 8, kina sentimita 60, jumla mita za ujazo 48. Lori lilibeba 7, tukaagiza tripu 7. Tuliposhindilia, tulipungukiwa sentimita 15 nyumba nzima.

1. Pima nafasi ya kujaza, kutoka ukuta hadi ukuta kwa ndani.

2. Pima bodi la lori kwa futi kamba: urefu, upana, kina. Usichukue neno la dereva. La kwetu lilikuwa mita 3.5 × 2 × 1, moramu ikiwa imesawazishwa na ukingo.

3. Tafuta kizidishio. Hapa ndipo nilipokosea. Moramu ikiwa bado ardhini haijachimbwa, mita 1 ya ujazo hutoa kama 1.25 ndani ya lori, kwa sababu mabonge yanaacha hewa katikati. Ukiishindilia sawasawa, hushuka hadi kama 0.9, chini hata ya ilivyokuwa shimoni. Wengi huzidisha kwa 1.25 wakidhani wamemaliza, kumbe hiyo ni safari ya kutoka shimoni hadi kwenye lori. Wewe unanunua ya kwenye lori na unahitaji ya sakafuni: 1.25 ÷ 0.9, karibu 1.4.

Udongo hutofautiana sana, kwa hiyo mimi hupima kwa debe. Ndoo ya plastiki sitaki, maana chini ni nyembamba na juu pana, inadanganya. Lifukie debe ardhini hadi ukingoni, la sivyo litatanuka ukilishindilia. Jaza moramu ya tripu ya kwanza bila kuikandamiza, sawazisha, kisha itoe yote. Irudishe kwa mafungu matatu, kila fungu ukilitwanga kwa kipande cha mbao hadi lisishuke tena. Pima kina kilichobaki. Sisi tulianza na sentimita 34, ikabaki 25: 34 ÷ 25 ni 1.36.

Unyevu ndio unaoharibu kipimo hiki. Finyanga konzi moja: ikishikana na kuacha kiganja na ubichi kidogo, endelea. Ikimeguka kama unga, nyunyizia maji kwanza, kwani kavu haishindiliki na kizidishio kitatoka kidogo kuliko ukweli. Ikinata na kudunda ukiitwanga, iache ikauke.

4. Agiza. 48 × 1.36 ni 65.3, gawa kwa 7, unapata 9.3. Ita tripu 9, ya 10 isubiri uone pengo.

5. Mwaga tabaka za sentimita 20, kila moja ishuke hadi 15 kwa kompakta. Wale wanaomwaga yote kisha kufungulia mpira wa maji usiku kucha, siwaungi mkono: juu hutulia, chini kunabaki matundu. Chomeka nondo ya milimita 12 kwa mkono. Ikizama kirahisi, rudia tabaka hilo kabla ya kumwaga jingine.