Kufupisha habari ya ushuru wa forodha kuwa hoja tano

Tuchukue habari za mwaka 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoongeza kiwango cha nne cha ushuru wa bidhaa kutoka nje, asilimia 35, juu ya vile vya 0, 10 na 25. Msomaji wako ni mwenye duka la samani, na ana dakika mbili tu.

1. Chapisha habari kwenye karatasi. Simu inafaa kusomea, haifai kukatia maneno. Pigia mstari kila namba, tarehe na bidhaa; nukuu za mawaziri ziruke.

2. Angalia vitenzi. "Wamependekeza", "wameidhinisha" na "kimeanza kutumika" ni mambo matatu tofauti. Mawaziri waliidhinisha Mei, kiwango kikaanza 1 Julai. Mwenye duka anahitaji hiyo tarehe ya pili.

3. Piga hesabu mwenyewe. Hapa ndipo mihtasari mingi inapoharibika. Ushuru ukitoka asilimia 25 kwenda 35, mmoja ataandika "bei imepanda kwa asilimia 10", mwingine "kwa asilimia 40". Wote wamekosea. Ushuru hutozwa kwenye thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli hadi bandarini, si kwenye bei ya dukani. Kisha kodi ya ongezeko la thamani hutozwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa ndani yake.

Chukua makochi ya shilingi 1,000,000 yakiwa bandarini, Tanzania, kodi hiyo ikiwa asilimia 18. Zamani: pamoja na ushuru 1,250,000, na kodi ikiongezwa jumla inafika 1,475,000. Sasa: pamoja na ushuru 1,350,000, na kodi ikiongezwa jumla inafika 1,593,000. Tofauti ni 118,000, yaani asilimia 8. Tozo nyingine ndogo tumeziacha, kwa hiyo andika "takriban". Asilimia 40 ni ongezeko la ushuru wenyewe, na haimsaidii mwenye duka kupanga bei.

4. Tafuta "isipokuwa", ambayo kwa kawaida hujificha aya za mwisho. Nchi mwanachama inaweza kuruhusiwa kutumia kiwango chake kwa mwaka mmoja, na ruhusa hizo hutoka kwenye gazeti rasmi la Jumuiya. Kwa hiyo usiandike "nchi zote" kabla ya kulikagua.

5. Andika, kila hoja sentensi moja au mbili, ukianza na kinachomgusa:

- Samani kutoka nje ya Jumuiya zinatozwa ushuru wa asilimia 35 badala ya 25.
- Kiwango kimeanza 1 Julai 2022.
- Mzigo wa shilingi milioni moja utakugharimu takriban 118,000 zaidi.
- Nchi yako inaweza kuwa na kiwango tofauti mwaka huu. Muulize wakala wako wa forodha kabla ya kuagiza.
- Samani zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya hazitozwi ushuru huu, mradi ziwe na cheti cha uasili.