Alama ya 0 inapoficha kasoro ya kichujio

Unapolinganisha miundo ya kichujio cha maji cha nyumbani kwa jedwali, ambapo kila muundo hupewa +, 0 au − dhidi ya muundo wa msingi, kumbuka kwamba 0 haimaanishi "inatosha" bali "sawa na ule wa msingi". Sisi huku Nakuru tulichukua chungu cha kauri kuwa msingi. Kichujio cha mchanga kilipata + kwa kasi na kwa kutovunjika upesi, − kwa kuondoa bakteria na 0 kwa floraidi, kikaongoza kwa +1. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe ulipata + kwa floraidi, lakini − kwa bakteria na kwa bei, ukabaki mkiani.

Hapo ndipo jedwali lilipotudanganya, kwa sababu chungu na mchanga vyote haviondoi floraidi, ambayo katika visima vingi vya Bonde la Ufa hupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita na kuyatia meno ya watoto madoa ya kahawia. Tuliifanya floraidi kuwa sharti la kuingia jedwalini, kisha tukapiga alama upya, msingi ukiwa chungu chenye tabaka la mkaa wa mifupa chini yake.