Kulinganisha sera ya zamani na mpya, kifungu kwa kifungu

Tuchukue sera ya mikopo ya SACCOS. Bodi imeleta toleo jipya, na wanachama wanataka kujua kilichobadilika kabla ya kulipigia kura kwenye mkutano mkuu.

1. Pata matoleo halali. La zamani liwe lile lililopitishwa na kusainiwa. Rasimu iliyobaki kwenye kompyuta ya ofisi haifai.

2. Oanisha vifungu. Chora jedwali lenye namba ya zamani, namba mpya na kichwa cha kifungu. Kikiongezwa kifungu kimoja katikati, vyote vya chini yake husogea. Kifungu cha 6 cha zamani huenda sasa ni cha 7. Ukiruka hatua hii utalinganisha wadhamini na riba.

3. Linganisha maneno. Kwenye Word fungua Review > Compare, weka la zamani kwenye Original na jipya kwenye Revised. Bonyeza More uondoe alama kwenye Formatting na White space, la sivyo ukurasa utajaa wekundu wa mambo ya mwonekano tu. Aya iliyohamishwa na kuguswa kidogo huweza kuonekana kama imefutwa mahali pamoja na kuandikwa upya pengine, kwa hiyo rudi kwenye jedwali lako kabla ya kuandika “kimefutwa”.

4. Soma tafsiri ya maneno kwa makini. Hapa ndipo wengi hupitwa. Tuseme sera ya zamani ilisema “akiba” ni amana pamoja na hisa, na mpya inasema ni amana pekee. Kifungu cha kiwango cha mkopo kinabaki vilevile, neno kwa neno: “mara tatu ya akiba”. Kompyuta haitakitia alama yoyote. Lakini mwanachama mwenye amana ya 1,000,000 na hisa za 200,000 alikuwa anaweza kukopa 3,600,000. Sasa mwisho wake ni 3,000,000. Kwa hiyo kila neno lililobadilishwa maana, litafute kwenye sera nzima kwa Ctrl+F, na kila kifungu linapotokea ukiandike kwenye orodha: “maneno yaleyale, athari imebadilika”.

5. Andika mabadiliko. Nukuu maneno ya zamani, kisha mapya, kisha athari kwa sentensi moja. Mfano: “7.2 (zamani 6.2): ‘Kamati itamjulisha mwombaji’ imekuwa ‘Kamati inaweza kumjulisha’. Mwombaji hana tena haki ya kupewa jibu.” Usiandike “kimeboreshwa”; hayo ni maoni, wanachama wataamua wenyewe. Kifungu kisichoguswa nacho kiandike: “hakuna mabadiliko”.

6. Kagua rejeo za ndani. Kila palipoandikwa “kwa mujibu wa kifungu cha 6.3”, fungua hicho 6.3 kipya usome. Namba zikishasogea, adhabu ya kuchelewesha marejesho inaweza kujikuta inaelekeza kwenye kifungu cha mkopo wa dharura. Kasoro hiyo iorodheshe peke yake, bodi ijibu kama ilikusudia.