Jina la mgeni wa Kisomali: namna ya kulisoma, kumuuliza na kulitamka pale kaunta

Mimi nafanya kazi ya mapokezi ya mikutano hapa Arusha, yaani ile meza ya kwanza kabisa mgeni anapofika anachukua beji na begi lake. Tangu Somalia iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024 tunapokea wageni wa kutoka Mogadishu na Hargeisa wengi kuliko zamani, na majina yao ndo yanayowapa shida vijana wengi wanaoanza kazi hii. Kwahiyo naandika hatua ninazofuata, nimechukua Wasomali kama mfano mkuu maana ukiwaelewa hao, wengine wanakuwa rahisi.

Hatua ya 1: soma listi jana yake, na uangalie nchi kabla ya herufi

Usikutane na jina kwa mara ya kwanza mgeni akiwa amesimama mbele yako. Kaa na listi jioni, na kwa kila jina usilolijua angalia kwanza mtu anatoka wapi, sababu herufi moja inasomwa tofauti kila nchi. Chukua herufi C. Mrundi akiandika C anamaanisha ch, ndo maana Cibitoke inatamkwa Chibitoke. Msomali akiandika C hiyo hiyo anamaanisha ile ain ya Kiarabu, sauti ya kooni ambayo sisi kwenye Kiswahili tumeiacha, kwahiyo Cali ni Ali, Cumar ni Omar, Cismaan ni Osman, Caasha ni Asha. Ukimwita mtu "Chali" au "Kali" hapo umeshamwita mtu mwingine kabisa.

Wasomali walianza kutumia rasmi herufi hizi za Kilatini mwaka 1972 na wana utaratibu wao ambao haubadiliki, ukishaujua unasoma jina lolote. X ni h nzito, ile ya Kiarabu inayotoka chini kooni, kwahiyo Xasan ni Hasan na Xuseen ni Husein, sio "Eksasan" wala "Zasan" kama ninavyosikia watu wakijaribu. Irabu mbili maana yake unavuta, ukiona aa usiikate. Alafu kuna DH, hii inawapoteza Waswahili zaidi ya wote maana tunaijua kutoka kwenye dhahabu, tunatoa ulimi kati ya meno. Ya Kisomali sio hiyo, ni d ambayo ncha ya ulimi unaikunja kwenda juu kwenye paa la mdomo. Jina kama Dhaqane ukilisoma kama dhahabu mgeni hatalitambua haraka.

Hatua ya 2: jua lipi kati ya yale matatu ndo jina lake

Tuchukue jina la mfano, Xaliimo Cabdi Faarax. Hapo hakuna jina la ukoo kama tunavyolizoea sisi kwenye fomu. Xaliimo ni yeye, Cabdi ni baba yake, Faarax ni babu yake mzaa baba. Mwanamke wa Kisomali akiolewa habadilishi jina, anabaki na la baba yake, kwahiyo ukimwita "Bi Faarax" umemwita kwa jina la babu, na yeye anaweza asigeuke kabisa sio kwa dharau, ni vile hajasikia jina lake. Unamwita kwa jina la kwanza, na heshima unaiweka mbele: Bi Xaliimo, Dokta Xaliimo, Mheshimiwa Xaliimo. (Pia usishangae mke na mume kwenye listi ya vyumba hawana jina hata moja linalofanana, ni kawaida.)

Waethiopia nao wako hivohivo, jina lake halafu la baba. Yule waziri mkuu wa 2012 hadi 2018, Hailemariam Desalegn, jina lake ni Hailemariam zima bila kulikata, Desalegn ni baba yake. Na mkuu wa Shirika la Afya Duniani mnamsikia anaitwa Dokta Tedros, hiyo sio kumzoea, ndo heshima yenyewe.

Sasa shida ya kaunta inakuja kwenye kutafuta. Kompyuta imepanga listi kwa jina la mwisho, mgeni anakwambia "Halimo", wewe unatafuta H huoni kitu, unamwambia hayupo. Yupo, ila yuko kwenye F. Au aliyejaza fomu aliandika Kisomali, Xaliimo, na pasipoti inasema Halimo Abdi Farah. Kabla hujasema "hayupo" tafuta kwa yote matatu na kwa tahajia zote mbili, X na H, C na bila C. Ila uwe makini na Maxamed na Maxamuud, hayo ni majina mawili tofauti, Mohamed na Mohamud, usidhani mmoja kakosea kuandika ukampa mtu beji ya mwenzake.

Hatua ya 3: salimia kwanza, ndo uulize

Simama, msalimie, mkaribishe. Mkono usiurushe wewe kwanza, hasa kwa mwanamke, weka mkono kifuani na yeye akitoa wake ndo umpokee. Baada ya hapo swali la jina, na hapa nataka tutofautishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna linatamkwaje, na kuna ungependa tukuite nani. Ni maswali mawili na majibu yake hayafanani. Mtu anaweza akakufundisha kutamka Cabdiraxmaan vizuri kabisa alafu akakwambia kazini ananiita kila mtu Dokta tu.

Mimi nasema hivi: "Karibu sana. Naomba unisaidie, jina lako nilitamke vipi ili nisiliharibu?" Akishalitamka ndo nauliza, "Na hapa mkutanoni ungependa tukuite nani, tuandike nini kwenye beji?" Kama Kiswahili hana, uliza kwa lugha anayoijua, ila mpangilio uwe huohuo. Usianze kwa kulisoma vibaya kwa sauti ukitegemea akurekebishe, mbele ya watu walioko kwenye foleni inamtia aibu yeye na wewe, na usiseme "jina lako gumu". Jina sio gumu, wewe ndo hujalizoea.

Na haya maneno yetu ya mama, mzee, dada, yasije kabla hujauliza. Kwa sisi kumwita mwanamke mama ni heshima, lakini mwanasheria wa miaka 30 aliyekuja kuwakilisha wizara anaweza akataka cheo chake. Hata Wasomali wana ya kwao, Marwo kwa mwanamke wa heshima na Mudane kwa mwanaume, ila hayo ayatumie anayejua lugha.

Hatua ya 4: sikiliza, rudia, subiri

Akilitamka angalia mdomo wake sio skrini. Rudia mara moja kwa sauti ya kawaida alafu nyamaza. Hapo ndo utajua. Ukipatia anaitikia na mnaendelea. Ukikosea anarudia tena jina taratibu, au anakawia kidogo ndo anasema "haina shida", na hiyo haina shida mara nyingi maana yake umekosea ila ameamua kukusamehe. Omba mara ya pili: "Samahani, mara moja tena." Ikifika ya tatu bado haijakaa usiendelee kumsimamisha pale, mpe beji yake apite, na wewe baadaye mtafute mwenzake au umfuate yeye wakati wa chai.

Makosa yetu Waswahili yako sehemu mbili hasa. La kwanza tunaongeza irabu mwishoni, Axmed inakuwa Ahmedi, Cabdikariim inakuwa Abdikarimu. Funga mdomo pale jina linapoishia. La pili tunakata zile irabu ndefu, au tunazivuta sehemu isiyo yake. Haya mawili unaweza kuyarekebisha hapohapo na ndo yanayoleta tofauti kubwa. Ain na ile h nzito ni kitu kingine, hazijifunzwi kwa dakika moja. Ukisema Abdi kwa Kiswahili chetu na Haliimo kwa h ya kawaida inatosha, anakuelewa, usijikamue koo ukitafuta ain maana inasikika kama unamuigiza.

Hebu tuone inavyokuwa. Kwenye listi nina Xaliimo Cabdi Faarax, wakili. Anafika.

"Karibu sana Arusha. Naomba unisaidie, jina lako nilitamke vipi?"
"Haliimo."
"Halimo."
"Haliimo."
"Haliimo. Asante. Na kwenye beji ungependa tuandike nini?"
"Ah, yoyote tu sawa."

Hii "yoyote tu sawa" usiichukue kama jibu la mwisho, watu wanaisema kwa adabu au wamechoka na safari. Geuza swali: "Ofisini wenzako wanakuitaje?" Hapo anasema, "Wakili Haliimo." Basi umelipata. Ukiuliza mara mbili na bado anasema yoyote, andika cheo na jina la kwanza, umemaliza.

Kuna na majina ya utani. Wasomali wanayatumia waziwazi sana, hata rais wa zamani Mohamed Abdullahi Mohamed anajulikana zaidi kwa Farmaajo. Mengine yanataja umbo la mtu, mrefu, kilema, mwenye upara. Hata kama umesikia wenzake wote wanamwita hivo usilitumie mpaka yeye mwenyewe akupe.

Hatua ya 5: liandike kwa masikio yako na ulifikishe mbele

Akishaondoka tu, andika pembeni ya listi jinsi ulivyosikia, kwa silabi za Kiswahili, mfano "ha-LII-mo, aitwe Wakili Haliimo". Usiguse jina la pasipoti kwenye listi ya ulinzi na ya vyumba, hilo libaki herufi kwa herufi kama lilivyo, vinginevyo getini watamzuia. Kwenye beji weka kwa maandishi makubwa lile alilochagua, na kama mkutano unataka jina kamili liwe dogo chini yake, kwa tahajia anayoitumia yeye. Kama anaandika Xaliimo, usimgeuzie kuwa Halima kisa wewe una shangazi anaitwa Halima.

Alafu ile note usibaki nayo. Mpelekee mshereheshaji, maana yeye ndo atalitamka kwenye maikrofoni mbele ya ukumbi mzima, na usimtumie maandishi tu, mrekodie sauti yako ukilitamka umtumie kwa Wasap. Mwambie pia dereva wa kumrudisha uwanja wa ndege, kibao chake kiandikwe lile la kwenye beji. Kesho yake asubuhi akipita mezani wewe mtangulie: "Habari za asubuhi, Wakili Haliimo." Kama jana ulikosea na akaona aibu kukwambia, sasa hivi mko wawili tu hakuna foleni, ndo atakurekebisha, na kalamu iwe karibu ubadilishe ile note.