Somo: Kukipa jina kipindi cha redio cha kila wiki, jina lisikike na likumbukwe

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikipa kipindi jina la "Saa ya Afya". Kwenye karatasi lilipendeza, bosi akalipitisha bila neno. Wiki ya tatu mama mmoja akapiga simu hewani akasema, "Naomba kuongea na Safia." Tukacheka, tukadhani amekosea namba. Wiki iliyofuata akapiga mwingine, naye anamtaka Safia. Hapo ndipo nilipomsikiliza mtangazaji wangu kwa makini: akisema haraka, "saa ya afya" zile a zote zinamezana, na kinachotoka ni "sayafya". Sisi tulikuwa tunasoma jina. Wasikilizaji walikuwa na masikio tu.

Kipindi cha kila siku kina nafuu, maana jina likipotea leo kesho litarudi. Cha kila wiki kinasikika mara moja, kisha siku sita za kimya. Kwa hiyo jina lake lazima likamatike siku hiyo hiyo. Nitawaonyesha hatua ninazofuata, kwa kutumia kipindi cha wapangaji kilichokuwa kirushwe kila Alhamisi usiku, saa nzima.

Hatua ya 1: Andika sentensi kabla ya jina. Hewani jina halisimami peke yake. Linakaa ndani ya sentensi, na sentensi zenyewe ni zile zile: "Unasikiliza…", "Karibu tena kwenye…", "Tukutane Alhamisi ijayo kwenye…". Ziandike, kisha kila jina unalolifikiria litie humo ulisome kwa sauti. Utashangaa. Jina linaloanza na irabu hugandana na neno lililotangulia: "katika Afya" inakuwa "katikafya", "kwenye Elimu" inakuwa "kwenyelimu". Jina linaloanza na konsonanti hukata vizuri, msikilizaji anajua limeanzia wapi.

Hatua ya 2: Hesabu silabi. Pendekezo la kwanza tuliloletewa lilikuwa "Jukwaa la Haki na Wajibu wa Mpangaji". Hesabu kwa vidole: silabi 15. Mtangazaji hutaja jina mara kumi hivi kwa saa, ukijumlisha kufungua, kwenda kwenye matangazo, kurudi na kuaga. Kufikia mara ya nne atachoka na kulikata mwenyewe, leo "Jukwaa", kesho "Haki na Wajibu", na kipindi kimoja kitakuwa na majina matatu. Mimi hukaa kati ya silabi nne na saba.

Hatua ya 3: Tafuta mitego ya sikio. Hapa ndipo penye kazi. Tulikuwa na majina matatu mezani.

"Kodi Yangu" liliondoka mara moja. Kodi ni ya nyumba, na kodi ni ya serikali. Anayesoma ana maelezo pembeni ya kumsaidia, lakini aliyefungua redio katikati ya sentensi atadhani anasikiliza mambo ya mapato.

"Paa Letu" lilikuwa na shida tatu kwa mpigo. Paa ni la nyumba, paa ni mnyama, na paa ni kuruka juu. Anayekutofautishia ni "letu" peke yake, na wako wanaoisema "retu". Halafu ile p ya mwanzo hupuliza upepo kwenye maikrofoni ikasikika "pufu". Fundi mitambo anaweza kuipunguza kwa kichujio au kwa kumsogeza mtangazaji pembeni kidogo, lakini wageni wa studio hawajui kukaa hivyo.

La tatu, "Hodi Mpangaji", nililipenda sana. Silabi sita, na mpiga simu akisema hodi unamjibu karibu. Nilikuwa nimeshaanza kuiwazia jingo yake.

Hatua ya 4: Jaribu kwa simu. Wapigie watu sita hivi wasiofanya kazi redioni. Soma sentensi mara moja, kwa mwendo wa hewani, usirudie. Waambie waandike jina walilosikia wakutumie. Natumia simu makusudi: laini ya kawaida ya simu hupitisha sauti za takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, na sehemu kubwa ya kinachotofautisha s na f iko juu ya hapo. Jina likipona kwenye simu, litapona kwenye redio ndogo yenye spika mbovu.

"Hodi Mpangaji" halikupona. Watu watatu waliandika "Kodi Mpangaji", mmoja "Odi Mpangaji". H ni sauti dhaifu, na wengine hawaitamki kabisa. Lakini kubwa zaidi ni hili: ukishataja mpangaji, sikio linatarajia kodi, basi linajaza lenyewe. Kanuni yangu ni kwamba wawili wakikosea mahali pamoja, kosa ni la jina. Nikaliacha, kwa uchungu.

Tukaenda kwenye maneno ambayo wapangaji wenyewe huyasema wakitafuta nyumba, tukachukua "Chumba na Sebule". Silabi sita. Mkazo unaangukia CHUm na BU, mapigo mawili yaliyo wazi, na hakuna neno jirani la kulichanganya nalo. Wote sita waliliandika sawa.

Hatua ya 5: Ngoja wiki. Baada ya siku saba uliza tena: "Kile kipindi nilichokutajia kinaitwaje?" Usiwakumbushe chochote. Wanne walilitaja lote, mmoja akasema "Sebule na Chumba", mmoja "kile cha vyumba". Kugeuza maneno hakunisumbui, anayemuuliza jirani ataeleweka.

Maswali ya wanachama

*"Chumba na Sebule" si litadhaniwa ni kipindi cha kupamba nyumba?*
Linaweza, na ndiyo dosari yake. Dawa yake ni mkia mfupi usiobadilika: "Chumba na Sebule, kipindi cha wapangaji." Mkia huo unasemwa wakati wa kufungua na kila mnaporudi kutoka kwenye matangazo. Jina linabeba kumbukumbu, mkia unabeba maana.

*Tukiweka siku ndani ya jina, kama "Alhamisi ya Wapangaji"?*
Linasaidia sana watu kukumbuka lini wafungue redio. Ila muulize meneja wa vipindi kwanza kama siku hiyo ni ya kudumu. Kipindi kikihamishiwa Jumamosi jina linakuwa uongo. Pia linaanza na irabu, rudi Hatua ya 1.

*Bosi anataka herufi za kifupi, HWM.*
Msomee kwa simu, bila kumwonyesha: "heichi, dabliyu, emu". Emu na enu zinafanana mno. Tena herufi zinazozoeleka kwa sikio huwa zimerudiwa kila siku kwa miaka. Wewe una mara moja kwa wiki.

*Vipi "Nyumba kwa Nyumba"? Neno limejirudia.*
Sikio linapenda neno lililorudiwa, na kwa kukumbukwa huenda lingelishinda langu. Tatizo ni kwamba linaahidi mtangazaji anatembea mlango kwa mlango. Kama kweli mnatoka na kinasa sauti kila wiki, lichukueni. Kama mnakaa studio na mwanasheria, msikilizaji ataanza kuuliza leo mko nyumba gani.

*Jina la mtangazaji liingie?*
Mimi sikuwahi kukubali. Akiumwa Alhamisi moja, anayemshikia zamu atafunguaje kipindi?