Kutoka "wakulima wananyonywa" hadi debe mbili za kilemba

Dada mmoja wa Uyole aliniletea makala yake kuhusu biashara ya viazi. Sentensi iliyobeba makala nzima ilikuwa hii: "Wakulima wa viazi Mbeya wananyonywa sana na walanguzi." Kwao wanalima viazi, lakini sentensi ile angeweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kuvuka Makambako. Tuliirekebisha hivi.

Hatua ya 1. Pigia mstari kila sentensi yenye "sana", "wengi" au "daima". Hizo ndizo za kushughulikia.

Hatua ya 2. Muulize aliyekuwepo, na uulize kuhusu mikono: nani alijaza gunia, kwa chombo gani, nani alishona, fedha ilitoka lini. Ukiuliza "ulijisikiaje?" utaambiwa "vibaya", basi. Andika kwenye daftari. Ukirekodi kwa simu unaacha kusikiliza, na baadaye huna muda wa kuisikiliza upya.

Majibu ya dada, aliyekuwepo mama yake alipouza: viazi vilipimwa kwa debe, yaani ndoo ya lita 20. Debe sita zikajaza gunia. Mnunuzi akaunganisha wavu juu, zikaingia debe mbili zaidi, kikawa kilemba, kikashonwa kwa kamba. Bei ikabaki ya gunia moja. Asubuhi ilikuwa na ukungu, mama yake alivaa koti la marehemu baba, na fuso lilikuwa linaunguruma.

Hatua ya 3. Chagua. Hapa ndipo watu wanapokwama, maana kila kitu kinaonekana kizuri. Kipimo changu: ondoa kitu hicho, kisha uone kama hoja inayumba. Ukiondoa ukungu, mama bado amepunjwa. Ukiondoa koti, vilevile, ingawa dada aliling'ang'ania hadi chai ikapoa. Ukiondoa debe mbili, hakuna kilichobaki. Fuso tulilibakiza, kwa sababu lilieleza kwa nini mama hakubishana: gari likiondoka, viazi vinabaki barabarani.

Ila mfano mmoja hauthibitishi "wakulima wa Mbeya". Usiunenepeshe mfano ulingane na dai. Punguza dai lilingane na mfano. Ukitaka kusema ni desturi, tafuta wauzaji wengine wa vijiji tofauti, na uweke kanuni pembeni: vipimo halali haviruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, ndiyo maana lumbesa, yaani gunia lenye kilemba, imepigwa marufuku. Na kama hukuliona gunia likipimwa kwenye mizani, usiandike kilo. Andika debe, kwa kuwa debe ndizo zilizohesabiwa.

Sentensi ikawa: "Gunia lilijaa kwa debe sita. Mnunuzi akaongeza mbili kwenye wavu, akalipa bei ileile, na fuso lilikuwa limeshawashwa." Neno "kunyonywa" tulilifuta; msomaji atalisema mwenyewe.

Hatua ya 4. Ficha jina la mama na la kitongoji. Idadi ya debe usiiguse.