Anzia mstari wa mwisho unapokagua fomula zilizochapishwa

Kabla ya kuchapisha zoezi la lahajedwali, bonyeza `Ctrl` + `` ` `` ili karatasi ionyeshe fomula zenyewe badala ya majibu, kisha uruhusu herufi za safu na namba za mistari zichapishwe pia, kwa sababu bila hizo huwezi kujua fomula imekaa katika seli ipi.

Tuseme bei za bidhaa ziko B2 hadi B6, na kiwango cha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, kiko E1. Mwanafunzi ameandika hivi katika C2 kisha akainakili kwenda chini:

```
=B2*E1
```

Kwa bei ya shilingi 40,000, C2 itatoa 7,200, jibu ambalo ni sahihi kabisa, na ndiyo maana mstari wa kwanza haufai kuaminiwa. Soma C6 kwanza: ukikuta `=B6*E5`, rejeo la kodi limehama pamoja na bei hadi kwenye seli tupu, na jibu lake ni sifuri. Linalotakiwa ni `=B6*$E$1`, ambamo rejeo la bei linafuata mstari wake ilhali la kodi halisogei.

Ukikuta `E$1`, usiikate haraka. Kwa kunakili kwenda chini inatosha, lakini ikinakiliwa safu moja kulia itageuka `F$1`, kwa hiyo angalia kwanza swali lilitaka fomula ielekee wapi.